Mapigo yanakimbia, presha "iko sawa", halafu mtu anaanguka

Shikamoo Dada Nesi,

Mimi ni dereva wa boda, kijiwe chetu kipo Kihonda, Morogoro. Mwezi uliopita mwenzetu, kijana wa miaka 27, aliingia kwenye shimo saa 11 jioni. Usukani ukageuka, ncha yake ikamgonga tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu. Akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaanza kucheka na kuulizia pikipiki. Damu hakuna, mchubuko tu gotini.

Tukampeleka duka la dawa. Dada wa pale akampima: presha 116/92, mapigo 118. Akasema presha nzuri, mapigo ni hofu ya ajali, akampa dawa ya maumivu. Na mimi nilimshika mkono nikahisi mshipa unakwenda mbio, nikawaambia wenzangu, "Moyo unapiga vizuri, huyu ana nguvu." Tukamnunulia soda, tukamrudisha kwake.

Ilipofika saa 1 usiku alikuwa anaomba maji kila dakika, anapiga miayo, jasho linamtoka na ngozi ni ya baridi. Akasema bega la kushoto linamuuma, wakati begani hakugongwa. Alipoinuka kwenda chooni akaanguka. Tulimbana katikati yetu kwenye bajaji, ameketi, mpaka hospitali. Njiani nilitafuta mapigo mkononi sikuyapata. Usiku huohuo walimpasua wakatoa wengu, akaongezewa damu. Sasa yuko nyumbani.

Swali langu: ningeweza kujua mapema kwa kushika mkono tu? Na mtu anayeongea na kucheka, nitamwambiaje kwamba yuko hatarini?

Dereva, Kihonda

---

Marahaba, mdogo wangu. Pole na hongereni kwa kumfikisha.

Zile namba tatu za duka la dawa zilishasema yote, tatizo zilisomwa mojamoja. Ukizitazama hivyo hazimtishi mtu. 116 ni presha ya juu ya kijana mwenye afya, na 118 ni mapigo ya mtu aliyetoka kukimbilia daladala. Sasa ziweke pamoja. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, na vijana wengi wako kwenye sabini hivi, huku presha ya juu ikiwa 110 au 120. Maana yake namba ya mapigo hukaa chini kabisa ya namba ya presha ya juu. Kwa mwenzenu mapigo yalikuwa yameshaipita presha. Sisi wa chumba cha dharura huwa tunagawanya mapigo kwa presha ya juu, na kwa mtu mzima asiye na tatizo jibu huwa kama 0.5 hadi 0.7. La kwake lilikuwa limevuka 1. Mtu aliyegongwa tumbo akija na jibu hilo, hata awe anatusimulia mpira, tunamtafuta daktari wa upasuaji.

Halafu ipo 92, ambayo naona hakuna aliyeishughulikia. Toa 92 kwenye 116, inabaki 24. Kwa kawaida tofauti ya presha ya juu na ya chini huwa karibu 40. Hiyo tofauti ndiyo kidole chako kinachoihisi unaposhika mkono wa mtu. Moyo unaposukuma, mshipa unatuna. Unapopumzika, mshipa unanywea. Kama kutuna na kunywea kumeachana sana, unahisi pigo nene linaloinua kidole. Vikikaribiana, unahisi kitu chembamba, kama uzi unaotetemeka, na ukikandamiza kidogo tu kinapotea. Kwa hiyo ndiyo, mkono ungekuambia. Wewe ulihisi mbio ukaishia hapo. Ulichobakiza kuuliza ni hili: hili pigo ni nene au jembamba?

Ukijua damu yenyewe ni kiasi gani utaona kwa nini inakuwa hivyo. Mtu wa kilo 65 ana damu kama lita nne na nusu. Chukua chupa tatu kubwa za maji, zile za lita moja na nusu, uzipange mezani. Hiyo ndiyo damu yake yote, hana nyingine. Wengu ukipasuka, damu inaanza kumwagika ndani ya tumbo. Nusu ya chupa ya kwanza ikitoka, yaani kama robo tatu ya lita, mtu anaweza asihisi lolote la maana. Ikipita hapo, mwili unaanza kubana matumizi. Moyo unapata damu kidogo ya kusukuma kila unapopiga, basi unapiga mara nyingi zaidi kufidia. Ndiyo mbio ulizozihisi, na ndiyo maana pigo ni jembamba: kila pigo limebeba kidogo. Wakati huohuo mishipa ya ngozi, mikono na miguu inajikaza ili damu iliyobaki iende kwenye ubongo na moyo. Kukaza huko ndiko kunakoishikilia presha isishuke. Mashine inasoma 116 na muuza dawa anaona nzuri, kumbe 116 hiyo inashikiliwa kwa nguvu na mwili unaoelemewa.

Chupa ya kwanza nzima ikishatoka, theluthi ya damu imeondoka. Hapo mapigo huwa yameshavuka 120, presha nayo inaanza kushuka, na mtu anakuwa na wasiwasi au anaongea mambo yasiyoeleweka. Mwenzenu alipoanguka akienda chooni, nadhani alikuwa maeneo hayo. Akiwa amelala mwili ulimudu. Aliposimama damu ikashukia miguuni na ubongo ukakosa.

Madaktari wanaiita hali hii mshtuko, na neno lenyewe linatupoteza. Ukimwambia Mswahili fulani yuko kwenye mshtuko, anafikiria mtu aliyepewa habari za msiba, ampe maji na ampepee. Mshtuko tunaouzungumza hapa hauhusiani na hofu wala moyo kupasuka kwa huzuni. Ni damu kutozitosha nyama za mwili, basi.

Sasa tuje kwenye vidole. Usiku huu jipime mwenyewe, kesho mpime mkeo au rafiki, mpaka ujue pigo la kawaida likoje, kwa sababu usipolijua la kawaida hutalitambua baya. Geuza kiganja kiangalie juu. Weka kidole cha shahada na cha kati chini ya shina la gumba, pale kwenye kifundo, kwenye kijibonde kilicho kati ya mfupa na mishipa migumu ya katikati. Usitumie gumba lako, lina pigo lake na utajihesabu mwenyewe. Gusa polepole kwanza. Kosa la wengi ni kukandamiza, na pigo dhaifu ukilikandamiza unaliua. Hesabu kwa sekunde 30 za saa ya simu, kisha zidisha kwa mbili. Sekunde 15 mara nne inatosha ukiwa na haraka, ila ukikosea pigo moja unakuwa umekosea manne.

Ukikosa mkononi, jaribu mkono wa pili. Ukikosa kote, weka vidole shingoni pembeni ya koromeo, upande mmoja tu, usibane pande zote mbili. Pigo likiwepo shingoni na halipo mkononi, mwili umeshaiacha mikono na unaokoa kichwa. Ulipolikosa kwenye bajaji mlikuwa mmefika hapo. Na kama shingoni halipo, mtu haitiki wala hapumui vizuri, hapo tumeshahama kwenye mshtuko, ni kuanza kubonyeza kifua.

Mkono huohuo ulioushika una habari nyingine. Je, ni wa baridi na umelowa jasho? Jasho la joto na jasho la mshtuko havifanani: aliyekimbia juani ana jasho na ngozi ya moto, aliyepungukiwa damu ana jasho na ngozi ya baridi kama samaki wa barafu. Rangi kwetu haionekani usoni kwa urahisi, kwa hiyo usihangaike na mashavu. Mfunulie mdomo wa chini utazame ndani, au vuta kope la chini la jicho, au mwangalie viganja. Kisha bonyeza kucha yake kwa sekunde tano, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichukua tatu, nne, ni dalili mbaya, ingawa mtu aliyekaa kwenye baridi ya Lushoto anaweza kuchelewa bila ugonjwa wowote.

Najua utaniuliza: je, na hofu? Dada wa duka la dawa hakuwa mjinga. Aliyetoka kwenye ajali mapigo yake lazima yakimbie, maumivu nayo yanaongeza. Kuna njia mbili za kutenganisha, na zote hazihitaji kifaa. Ya kwanza ni unene: mbio za hofu huwa na pigo linalodunda, unalihisi hata bila kutafuta. Mbio za kupungukiwa damu ni za uzi. Ya pili ni muda. Mlaze mtu chini, mtulizeni, halafu mhesabu tena baada ya dakika tano na tena baada ya kumi. Ya hofu inashuka: 118, 104, 92. Ya damu inakataa kushuka, au inapanda: 118, 120, 126. Mngempima mara ya pili wakati mnakunywa ile soda mngeliona. Lakini tafadhali, dakika hizo kumi zisiwe za kungoja. Mmoja ahesabu, mwingine awe ameshaondoka kutafuta gari.

Wale wanaozimia kwa kuona damu au sindano nao huwachanganya watu. Huyo naye ana pigo dhaifu na jasho la baridi, ila pigo lake huwa la polepole, na ukimlaza chini baada ya dakika moja au mbili anafungua macho na kuona aibu. Mwenye kuvuja damu ndani hafufuki hivyo kwa kulazwa.

Kuna kitu kingine ambacho rafiki yako alikupa bure, nacho ni bega. Damu ikijikusanya juu ya wengu inaugusa utando unaotenganisha tumbo na kifua. Neva ya utando huo inatoka shingoni, kulekule kunakotoka za bega, basi ubongo unadanganyika unasema bega linauma. Mtu aliyegongwa tumbo upande wa kushoto, bega la kushoto likamuuma bila jeraha, hasa akilala, mchukulie kwamba wengu umepasuka mpaka daktari akanushe. Kiu isiyokatika na miayo navyo ni vya damu kupungua. Watu wakiona miayo wanasema amechoka, apumzike.

Nisikudanganye kwamba mapigo hayakosei. Niliwahi kupokea mzee aliyeangukiwa na tawi la mwembe, ana mapigo 74, tena ya mpangilio, nikamweka foleni. Mwanawe akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi ya dawa: atenolol, kila asubuhi. Dawa hiyo na ndugu zake kama propranolol zinaufunga moyo breki. Hata damu imwagike, moyo hauwezi kukimbia. Tangu siku ile, mzee yeyote akija ameumia swali langu la kwanza ni anameza dawa gani za presha, na namba nzuri ya mapigo siiamini mpaka niguse ngozi. Hata bila dawa, wapo wachache wanaovuja damu tumboni na mapigo yasipande inavyotarajiwa. Mapigo ya mbio na membamba yanakuambia kimbia. Mapigo ya kawaida hayakuambii kaa.

Watoto wana tabia yao. Mtoto mchanga mapigo 140 ni ya kawaida kabisa, kwa hiyo usimpime kwa kipimo cha mtu mzima. Na mtoto anavumilia kwa muda mrefu, anaonekana yupo yupo, kisha anaanguka ghafla bila kukupa nafasi. Mama mjamzito naye ana damu nyingi kuliko kawaida yake, ongezeko la karibu nusu ujauzito ukikomaa, hivyo anaweza kupoteza nyingi kabla hajaonyesha. Huyo mlaze kwa ubavu wa kushoto, mtoto asikandamize mshipa mkubwa wa mgongoni, na hata akijisikia vizuri aende hospitali.

Basi turudi barabarani, saa 11 jioni, tuifanye upya.

Kama kungekuwa na damu inayoonekana, ningesema sahau mapigo kwanza. Jeraha la panga pajani linalomwaga halihesabiwi, linabanwa. Chukua kitambaa, fulana, kanga, chochote, sukumiza palepale inapotokea, ukandamize kwa uzito wa mwili wako wote, usifunuefunue kuangalia kama imekata. Kama ni mkono au mguu na kukandamiza kumeshindwa, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, vidole vitatu au vinne juu yake, usifunge kwenye kiungo, pitisha kijiti na ukisokote mpaka damu ikate kabisa. Andika saa uliyofunga, na asifungue mtu mpaka hospitali. Ikishakata ndipo unashika mkono kuhesabu kilichobaki.

Ya kwenu ilikuwa ya ndani, haibanwi na mtu. Kazi yenu ilikuwa tatu tu: alale, apate joto, afike kwenye kisu mapema.

Alale chali, si kuketi. Najua imani ya vijiweni kwamba majeruhi akilala atakufa, ndiyo maana mnamweka kitako na kumpiga makofi. Kinachotisha ni kupoteza fahamu, si kulala chini. Mwenye damu pungufu ukimketisha unazidi kuunyima ubongo. Bajaji ile ilimpeleka, nashukuru, lakini katikati ya mabega yenu akiwa wima ndipo mapigo yalipopotea. Mngepata kirikuu chenye godoro nyuma, au Noah iliyokunjwa viti, angesafiri vizuri zaidi. Mkiwa na wasiwasi na shingo au mgongo, mnyanyueni watu wanne kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili viende mstari mmoja. Miguu msimwinulie, hasa kama nyonga au paja limeumia. Paja lililovunjika peke yake linaweza kumeza damu lita moja hadi moja na nusu, na kulivutavuta kunaongeza. Akitapika, mgeuzeni ubavu.

Joto wengi hawaliamini, eti Morogoro hakuna baridi. Mtu aliyepungukiwa damu anapoa hata kwenye joto, na damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo anavuja zaidi. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kanga mbili au koti la boda, na chini yake wekeni kitu, kwa maana ardhi inanyonya joto kuliko hewa.

Ile soda, na maji aliyoyaomba, sikulaumu. Kumnyima maji mtu mwenye kiu ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Lakini alikuwa anaelekea kwenye usingizi wa upasuaji, na tumbo lililojaa hurudisha kitu mapafuni. Lowesha kitambaa umpake midomo. Maji yanayohitajika yanapitia kwenye mshipa, na baada ya hapo ni damu yenyewe.

Kufika mapema maana yake ni kufika mahali panapofaa. Zahanati ya jirani ina watu wazuri, lakini wengu uliopasuka unataka chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza. Ukiwa na mbio nyembamba mkononi na tumbo lililogongwa, nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye hivyo viwili, kama haiko mbali mno. Pigeni 112 kama mnategemea gari la wagonjwa lije haraka; mkiona linachelewa, ondokeni na gari lililopo. Ndugu wawili watatu wenye afya wafuate, damu ikitumika itabidi ichangiwe. Na PF3 isimsubirishe mtu barabarani. Mmoja wenu aende kituoni na maelezo ya ajali, wengine wawe njiani na mgonjwa, karatasi itawakuta.

Umeuliza utamwambiaje anayecheka. Usimwambie yuko hatarini, atakubishia, na ukibishana naye mapigo yatazidi. Mimi humwambia, "Kaka, nataka tu nikuhesabu mara mbili, lala hapa." Ndani ya dakika kumi huwa na namba, na namba inabishwa kwa shida kuliko maneno ya nesi. Akikataa kabisa na anataka kupanda pikipiki yake, waambie wenzako wafiche ufunguo. Nimeshaufanya huo ujanja na sijutii. Ubishi wenyewe uupime pia: mtu mpole akigeuka ghafla mkali, anahangaika, hatulii, anavua shati, ubongo umeanza kukosa damu. Watu husema amelewa.

Rafiki yako sasa hana wengu, na kiungo hicho kilikuwa kinamlinda. Mwambie aulize hospitali walikompasua kuhusu chanjo za bakteria wa mapafu na wa uti wa mgongo. Na homa yoyote kwake, hata ndogo, asiilalie hadi kesho: aende siku hiyohiyo, apimwe malaria na aonwe na daktari. Alale ndani ya chandarua, hilo kwake si hiari.

Kuhusu yule dada, mrudie kwa upole. Mwambie akimpima aliyepata ajali asome namba tatu pamoja, na mashine ikishindwa kusoma mara mbili asilaumu betri kwanza, aguse mkono. Mashine nyingi za kujaza zenyewe huchanganyikiwa pigo likiwa dhaifu.

Na wewe, siku nyingine ukiwa na kalamu mfukoni, andika kwenye mkono wa mgonjwa, juu ya ngozi, kwa herufi kubwa: saa 11:20, mapigo 118, saa 11:30, mapigo 124, membamba. Tukimpokea usiku hatuna haja ya kuhojiana na watu sita wanaoongea pamoja. Nikiuona mkono ulioandikwa hivyo, naita chumba cha upasuaji kabla sijamaliza kumshusha.